Kabla na Kisha: Tafsiri ya Maelezo ya Presha Kuka katika Nyanda za Juu za Kusini

Mji wa Mbeya umekaa juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na mji wa Iringa kwa kadiri ya mita 1,600. Kwa sababu hiyo maji ya miji hiyo miwili huchemka kabla hayajapata joto la maji yachemkayo Tanga au Dar es Salaam. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 na kitu. Ukiongeza kuni, maji hayo yatatokota kwa fujo zaidi, lakini hayatapata joto zaidi, maana hewa iliyo juu yake ni nyepesi na haina nguvu ya kuyazuia yasigeuke mvuke. Mpishi wa nyanda za juu hana haja ya kufundishwa jambo hili na mwalimu wa fizikia. Maharage makavu yasiyolowekwa humfundisha kila siku, kwani hukaa motoni muda wa saa mbili hadi tatu, na pengine yakaiva nusu nusu.

Katika nchi ya namna hiyo, sufuria inayofungwa ili mvuke usitoke ni chombo chenye manufaa makubwa kuliko mahali pengine popote. Watu huiita presha kuka. Ni chombo chenye manufaa, lakini pia ni chombo kinachoweza kumbabua mtu uso na mikono kwa muda wa kufumba na kufumbua, ikiwa kitafunguliwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo huuzwa pamoja na kijitabu cha maelezo, chenye maonyo na hatua zilizotiwa namba. Makala hii yahusu kijitabu hicho: namna kinavyogeuzwa kuwa Kiswahili, mahali kinapopotoka, na sababu ya kupotoka kwake. Neno lenyewe ni fupi. Katika maelezo ya chombo cha namna hii maana ya kila sentensi yaweza kuwa sahihi, na tafsiri ikawa mbaya hata hivyo, kwa kuwa utaratibu wa matendo umepinduliwa ndani ya sentensi.

Chombo chenyewe ni cha zamani. Mfaransa aliyeitwa Denis Papin alikitengeneza mwaka 1679 akiwa Uingereza, akakionyesha mbele ya Chama cha Kifalme cha wataalamu mjini London. Kilikuwa chungu kinene cha chuma, na kazi yake ilikuwa kulainisha mifupa hata ikalika. Aprili mwaka 1682 wanachama wa chama hicho walikula karamu iliyopikwa ndani yake. Papin alitambua kwamba chungu kilichozibwa kabisa juu ya moto kitapasuka. Kwa hiyo alitoboa tundu juu yake, akaliziba kwa kizibo kilichogandamizwa na uzito. Mvuke ukizidi kiasi, huinua uzito na kutoka. Presha kuka ya leo yenye kizito juu ya mfuniko haijaacha asili hiyo. Tena mwaka 1681 Papin alichapisha kitabu kizima cha kueleza chungu chake na matumizi yake. Yaani tangu mwanzo chombo hiki hakikuweza kwenda peke yake; kilihitaji maneno ya kufuatana nacho.

Maneno hayo yalipofika Nyanda za Juu za Kusini yalikuta hali ya lugha iliyo na historia yake. Wajerumani walijenga boma la Iringa mwaka 1896. Mbeya ilikua baadaye, tangu mwaka 1927 hivi, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Katika miji hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya boma, ya soko, ya mahakama na ya shule. Lakini jikoni palibaki na lugha za wenyeji: Kihehe upande wa Iringa, Kisafwa kandokando ya Mbeya, Kinyakyusa upande wa Rungwe, na nyingine nyingi. Hata wamisionari waliofika Unyakyusa mwaka 1891 walianza kufundisha kwa lugha ya watu wenyewe. Hivyo mgawanyo ukawa huu: mambo ya kuandikwa yalikuwa ya Kiswahili, na mambo ya chungu na moto yalikuwa ya lugha ya mama. Kijitabu cha presha kuka huanguka katikati ya mgawanyo huo, kwa maana ni jambo la kuandikwa lihusulo chungu na moto.

Mgawanyo huo una matokeo ambayo mfasiri akaaye Dar es Salaam ni rahisi kuyasahau. Katika nyumba nyingi asomaye si apikaye. Mtoto wa shule husoma Kiswahili kwa sauti, na bibi au mama hutenda. Pengine mtoto hugeuza kila sentensi kwa mdomo kuwa Kihehe au Kinyakyusa anapoendelea kusoma. Kuna tafsiri mbili basi: moja ya kalamu, kutoka Kiingereza, na moja ya mdomo, kutoka Kiswahili. Msikilizaji hana ukurasa mbele yake wa kurudia. Alisikialo kwanza ndilo aanzalo kulitenda.

Desturi hii ya mmoja kusoma na wengi kutenda si ya nyumbani tu. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vya watu vilikusanyika vijijini nchi nzima kwa majuma 12, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walioshiriki walikuwa kadiri ya watu milioni mbili. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyohusu lishe. Katika kampeni za namna hiyo Kiswahili cha maelekezo kilijaribiwa na masikio ya watu wazima wengi kwa mara moja, wengine wakiwa wameanza tu kujua kusoma. Hiyo ndiyo njia ya kupima ifaayo kwa kijitabu cha chombo cha nyumbani pia: kisomwe kwa sauti mbele ya mtu mwenye chombo mikononi, na mfasiri anyamaze, atazame mikono.

Hapa yafaa kuchukua sentensi moja na kuitazama kwa karibu. Vijitabu vya Kiingereza hupenda kutaja tendo kuu kwanza na sharti lake nyuma. Mfasiri anayefuata nyayo hizo bila kufikiri huandika hivi: “Fungua mfuniko baada ya kuondoa kizito kufuatia kushuka kwa presha.” Hakuna neno lisilo la Kiswahili katika sentensi hiyo, wala mwalimu wa sarufi hataipigia mstari mwekundu, ila labda ataichukia “kufuatia”. Lakini hesabu matendo yake. La kwanza kusikika ni kufungua mfuniko, nalo ni la tatu kutendwa. La pili ni kuondoa kizito, nalo limekaa mahali pake kwa bahati. La mwisho kusikika ni kungoja nguvu ya mvuke ishuke, nalo ndilo la kwanza, na ndilo linalookoa ngozi ya mtu. Sentensi nzima yatembea kinyumenyume. Mtu asomaye kwa macho atafika mwisho, atarudi, ataipanga upya kichwani. Mtu asomewaye, ambaye mkono wake umekwisha shika mpini, hana nafasi hiyo.

Yaweza kuulizwa kama Kiswahili chenyewe ni lugha isiyofaa kwa mpangilio wa matendo. Jambo ni kinyume cha hayo. Lugha chache zina uwezo mkubwa kama Kiswahili wa kuonyesha lipi limetangulia na lipi limefuata. Katika masimulizi kiambishi “-ka-” hufanya kazi hiyo peke yake: alifunika, akawasha, akangoja, akafungua. Hakuna awezaye kukosea mfuatano huo. Lakini hapo ndipo ulipo mtego wa kwanza. “-ka-” ya masimulizi haiingii katika amri pamoja na maana yake ile ile. Ukimwambia mtu “kafungue mfuniko” au “ukafungue mfuniko”, umemwambia aende mahali akafungue. Umeongeza mwendo, hukuongeza mfuatano. Kwa hiyo silaha bora ya msimulizi haimsaidii mwandishi wa maelekezo. Mfasiri mwenye sikio la hadithi atajikuta hana kitu mkononi, na hapo ndipo anapokimbilia “baada ya” na “kufuatia”, na kuziweka mahali Kiingereza kilipoziweka.

Zipo njia nyingine tatu, na zote ni za lugha ya kila siku. Ya kwanza ni “-ki-” ikiungana na “-sha-”, kama katika “mvuke ukishaisha”. Sehemu hii ya sentensi kwa kawaida hutangulia, na kwa hiyo sharti husikika kabla ya tendo. Ya pili ni “kabla” ikifuatwa na kitenzi cha kukanusha chenye “-ja-”: “kabla hujafungua”. Msemo huu una nguvu ambayo “kabla ya kufungua” haina, maana ndani yake mna picha ya mtu ambaye bado hajatenda. Humkamata mkono ungali hewani. Ya tatu ni neno “ndipo”. Mtu akisema “Mvuke ukishaisha, ndipo ufungue”, amefunga njia nyingine zote. Si kwamba kufungua kunafuata tu. Kunaruhusiwa wakati huo na si wakati mwingine. Kiingereza huhitaji maneno kadhaa, na pengine herufi nene, kusema jambo ambalo “ndipo” hulisema peke yake. Ni ajabu kwamba neno hili ni adimu katika vijitabu vya tafsiri, ingawa halikosekani katika kinywa cha mama yeyote anayemwelekeza binti yake jikoni.

Mtego wa pili umo katika majina na vitenzi vya jikoni. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, na kamusi zake zilitoka mwaka 1939. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na mojawapo ya kazi zake imekuwa kutoa istilahi. Shule zilipata neno “kanieneo” kwa dhana ile ambayo jikoni huitwa “presha”. Kanieneo ni neno lililoundwa vizuri, kutokana na kani na eneo, nalo lafaa katika darasa la fizikia. Lakini likiandikwa katika kijitabu cha sufuria, mtoto wa shule atalikumbuka na bibi yake hatalijua. “Presha” nayo ina hatari yake. Nyumbani presha ni ugonjwa. Mtu husema ana presha ya kupanda au presha ya kushuka, na wasikilizaji humpa pole. “Subiri presha ishuke” ni sentensi ambayo mzee aweza kuidhania kuwa shauri la daktari.

Njia iliyo salama ni kuliacha jina la chombo lilivyo, presha kuka, na kuitaja nguvu iliyomo kwa kitu kionekanacho: mvuke. “Ngoja mpaka mvuke uishe ndani.” Mtu hawezi kuiona presha, wala hawezi kuiona kanieneo, lakini mvuke aweza kuuona ukitoka na kuusikia ukilia. Maelezo yamtakayo mtu atambue hali ya chombo hayana budi kutumia neno la kitu ambacho macho au masikio yake yatakishuhudia.

Vivyo hivyo kitenzi “funga”. Kwa Kiswahili mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga duka, hufunga bomba. Katika presha kuka kuna matendo mawili yaliyo mbali: kuweka mfuniko juu ya sufuria, na kuuzungusha mpini hata mfuniko ujibane. La kwanza ni kufunika. La pili ndilo kufunga. Kijitabu kikisema “funga sufuria” kwa yote mawili, mtu atafunika tu na kuwasha moto, na mvuke utapenya pembeni ya mpira. Akipata bahati, chakula hakitaiva. Asipoipata, mfuniko ulioshika nusu utaachia wakati mvuke umejaa.

Mtego wa tatu ni maneno ya kuonya. Vijitabu vya kigeni vya siku hizi hupanga maonyo kwa daraja. Neno la daraja ya juu lamaanisha kwamba mtu atakufa au ataumia vibaya. La pili, kwamba huenda akafa au akaumia vibaya. La tatu, kwamba huenda akaumia kidogo. La nne, kwamba chombo chaweza kuharibika tu. Wafasiri huzoea kuandika “hatari”, “onyo”, “tahadhari” na “zingatia”, kwa taratibu hiyo. Neno la kwanza halina shida: “Hatari” imeandikwa kwenye nguzo za umeme, na mtu asiyejua kusoma huijua kwa fuvu la kichwa lililochorwa karibu nayo. Lakini “onyo” si neno la daraja ya pili katika masikio ya watu. Onyo hutolewa na mwajiri kwa mtumishi mchelewaji, au na mwalimu kwa mwanafunzi mtoro. Huja baada ya kosa, nalo hukaribia kuwa karipio. “Tahadhari”, kinyume chake, hutazama mbele. Ni neno la mtu anayejilinda. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aweza kuiona tahadhari kuwa nzito kuliko onyo, na daraja zote zikageuka. Mfasiri mwenye busara hategemei neno la kichwa kubeba uzito peke yake. Hutaja jeraha lenyewe: mvuke utakubabua uso. Sentensi hiyo haina haja ya daraja.

Kisha pana swali la mahali. Vijitabu vingi hukusanya maonyo yote katika ukurasa wa kwanza, na hatua huanza ukurasa wa tatu au wa nne. Mwenye kiwanda ana sababu zake za kisheria za kufanya hivyo. Lakini mtu anaposimama mbele ya moto hasomi ukurasa wa kwanza. Onyo la kutofungua mapema mahali pake ni katika hatua ya kungoja, kabla ya hatua ya kufungua, na si baada yake. Likiwekwa chini ya hatua ya kufungua, litasomwa na mtu ambaye mfuniko umekwisha kumruka mkononi. Mfasiri hana ruhusa ya kufuta ukurasa wa kwanza. Ana wajibu, hata hivyo, wa kulirudia onyo mahali pa kazi, na kumweleza mwenye kitabu sababu ya kufanya hivyo.

Sasa turudi Mbeya, kwa maana jambo zito kuliko yote limo katika mwinuko wa nchi. Presha kuka ya kawaida huongeza ndani yake nguvu iliyo sawa na ile ya hewa ya pwani, na kwa hiyo pwani maji yaliyomo hupata nyuzi 121 hivi kabla ya kuchemka. Lakini nguvu hiyo huongezwa juu ya ile ya hewa ya nje, na hewa ya nje ya Mbeya ni nyepesi. Kwa hiyo sufuria ile ile, yenye kizito kile kile, ikilia mlio ule ule, Mbeya haipati zaidi ya nyuzi 118 hivi. Tofauti ni ndogo kwa hesabu, lakini maharage huihisi. Wataalamu wa upishi wametoa kanuni: kuanzia mita 600 juu ya bahari, ongeza sehemu 5 katika 100 za muda kwa kila mita 300. Mbeya imezidi mita 600 kwa mita 1,100, nayo hutoa nyongeza ya sehemu 18 katika 100. Iringa imezidi kwa mita 1,000, nayo hutoa sehemu 17 hivi. Ikiwa kijitabu kinasema dakika 30 kwa maharage yasiyolowekwa, basi Mbeya na Iringa zote zahitaji dakika 35.

Kanuni hii, inapokuwamo katika kijitabu cha Kiingereza, kwa kawaida hukaa mwishoni kwa herufi ndogo. Ni rahisi kuelewa kwa nini huachwa na mfasiri. Mfasiri yuko pwani. Mwenye duka la jumla yuko pwani. Mtu aliyejaribu chombo yuko pwani. Kwao sentensi hiyo ni ya milima ya Ulaya. Lakini fuata yatakayotokea. Mpishi wa Iringa hupika dakika 30 kama alivyoagizwa. Huzima moto, hungoja, hufungua, huyakuta maharage yana kiini kigumu. Hufunga tena, huwasha tena, na mara hii hajui ahesabu dakika ngapi. Hupika dakika tano, na kwa kuwa watoto wana njaa na moto umekwisha kuzimwa mara moja, hangoji kama alivyongoja mwanzo. Huinua kizito mvuke ungalimo, kisha hulazimisha mpini. Sentensi iliyoachwa haikuwa na neno la hatari ndani yake. Ilihusu dakika tu. Hata hivyo kuachwa kwake kumemfikisha mtu mahali ambapo onyo kubwa la ukurasa wa kwanza halimkumbuki tena. Hatua zenye namba huonekana kama mnyororo unaoanza na moja na kuishia na kumi. Kwa kweli ni mduara, na chakula kibichi humrudisha mtu katika sehemu yake ya hatari kuliko zote.

Kwa hiyo hatua za kupika maharage kwa presha kuka ya kizito zaweza kuandikwa hivi:

1. Inua mfuniko kuelekea mwangaza, uchungulie tundu la mvuke. Kama huoni mwanga, zibua tundu kwanza.
2. Tia maharage na maji. Yote pamoja yasipite nusu ya sufuria.
3. Funika. Kisha zungusha mpini wa mfuniko mpaka ukae sawasawa juu ya mpini wa sufuria.
4. Weka sufuria juu ya moto mkali, bila kizito. Ngoja mpaka mvuke utoke tunduni bila kukatika.
5. Weka kizito juu ya tundu.
6. Kizito kikianza kutikisika na kulia, punguza moto, ndipo uanze kuhesabu. Pwani hesabu dakika 30. Iringa na Mbeya hesabu dakika 35.
7. Dakika zikitimia, zima moto. Usiguse kizito.
8. HATARI: mvuke ungalimo ndani, ukifungua sasa utakubabua uso na mikono. Ngoja dakika 15.
9. Inua kizito kidogo kwa ncha ya uma. Mvuke ukitoka, kirudishe, urudi kwenye hatua ya 8.
10. Mvuke usipotoka, ondoa kizito, ndipo uzungushe mpini na kufungua. Mpini ukikataa kuzunguka, usiulazimishe. Rudi kwenye hatua ya 8.

Msomaji ataona kwamba hakuna “baada ya” hata moja. Kila sharti limetangulia tendo lake. Hatua ya pili yasema “yote pamoja”, kwa sababu mtu akiambiwa nusu ya maharage tu atajaza maji juu yake. Na maharage hutoa povu na maganda, ambayo huziba tundu. Hiyo pia ndiyo sababu ya hatua ya kwanza kuwa ya kwanza: tundu lililozibwa na maganda ya jana halitoi mvuke wala halina mlio, na mtu hudhani sufuria imetulia. Kama mvuke hautoki tunduni katika hatua ya nne, na moto ni mkali, ishara ni hiyo. Hatua ya tisa na ya kumi zina njia ya kurudi nyuma, jambo ambalo vijitabu vingi hukosa. Vyamwambia mtu la kufanya mambo yakienda sawa, navyo vyamwacha peke yake yakienda vibaya.

Kuna mpaka wa kazi hii ambao hapana budi kuutaja. Mfasiri si mpishi wa kiwanda, na dakika 30 za mfano huu si za kila namna ya maharage. Maharage ya zamani ghalani huhitaji zaidi, na yaliyolowekwa usiku kucha huhitaji kidogo sana. Mfasiri hawezi kubuni dakika. Awezalo ni kuitunza kanuni ya nyongeza, kuihesabu kwa miji inayojulikana, na kuiweka ndani ya hatua ambamo mtu anahesabu, badala ya kuiacha mwishoni mwa kitabu.

Leo presha kuka ya umeme imeanza kuingia katika nyumba za Tanzania, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Sufuria ya umeme hujihesabia dakika yenyewe na kujizima. Lakini mfuniko wake una kitasa kidogo chenye nafasi mbili, moja ya kuuzuia mvuke na moja ya kuutoa, na majina ya nafasi hizo yameandikwa kwa Kiingereza juu ya plastiki. Mfasiri akiziita “funga” na “fungua”, atakuwa amerudia kosa la zamani katika chombo kipya, kwani mtu ataona neno “fungua” na kudhani ni ruhusa ya kufungua mfuniko. “Zuia mvuke” na “toa mvuke” ni maneno marefu zaidi, lakini hayana mfuniko ndani yake. Tena mashine nyingi za namna hiyo hazijui kama zimewekwa Kariakoo au Uyole. Dakika tano za nyanda za juu bado zitaongezwa na mkono wa mtu, naye ataziongeza ikiwa tu kuna aliyeziandika mahali pake, kabla ya hatua ya kungoja.